Grafu imezuiwa mlangoni

Leo hapa Mtwara toleo jipya la ukurasa wetu wa bei za korosho limegoma kutoka.

Kijana wetu kaongeza grafu ya bei. Nzuri, sibishi. Kwenye kompyuta yake inafunguka papo hapo, lakini jaribio la kabla ya toleo likawa jekundu: bajeti yetu ya skripti, yaani kikomo cha uzito wa msimbo ambao ukurasa unapakua, ni kilobaiti 170 zikishabanwa, na maktaba ya grafu imezifikisha 260.

"Kaka, kilobaiti 90 tu?"

Nikamfungulia vipimo vinavyotoka kwenye simu za wasomaji. LCP, yaani muda hadi kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane, kwa watatu kati ya wanne isizidi sekunde 2.5. Jumla tuko 2.3. Ukichuja simu za bei nafuu peke yake: 3.9.

Akanyamaza.

Simu hizo zikishapakua skripti, bado zinahangaika kuifungua na kuiendesha. Na vipimo hivyo huja watu wakishaumia, ndiyo maana bajeti inakaa kabla ya toleo.

Sasa jedwali la bei linatangulia. Grafu inapakuliwa mtu akiigusa tu. Jaribio limekuwa kijani.

Bajeti haioni seva ikichelewa, hilo najua. Nyie mnalikamataje mapema?