Samahani tano kwenye imeili moja

Juni 2019 nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti pale Kizota, Dodoma, na kazi yangu ilikuwa manunuzi, yaani mimi ndio naandikia watu wa Dar imeili za vipuri. Sasa kwa wanaojua huku kwetu mwezi wa sita ni msimu, malori yanaingia na magunia kutoka vijijini asubuhi mpaka usiku, mkulima anataka hela yake na mashine haitakiwi kusimama. Na sisi mashine ikawa inasimama kila baada ya muda, maana vitambaa vya kwenye chujio vilikuwa vimechanika. Mafuta yakitoka kwenye kukamua yanakuwa na tope la mashudu, yanapitishwa kwenye sahani zilizovalishwa vitambaa, tope linabaki mafuta yanapita. Kitambaa kikitoboka mafuta yanatoka na ukungu, inabidi uyarudishe upya.

Ijumaa tarehe 7 nikamwandikia kaka wa duka la vipuri. Hii imeili naikumbuka neno kwa neno kwa sababu iliprintiwa na ilikaa kwenye droo yangu muda mrefu sana:

"Kichwa: Samahani kwa usumbufu

Habari za kazi kaka, samahani sana kwa kukusumbua tena, najua uko bize. Nilikuwa nauliza tu, kama inawezekana lakini, kuhusu vile vitambaa vya chujio tulivyoongea, samahani kama ulishanijibu na mimi sijaona. Labda ukipata nafasi ungetuangalizia kama vingepatikana wiki hii au hata ijayo, sio lazima lakini. Huku mzigo umeanza kujaa kidogo. Samahani kama nimeandika vibaya. Kama haiwezekani pia hamna shida kabisa, tutaelewa. Samahani tena na asante sana."

Jumatatu asubuhi akajibu: "Usijali dada, hamna shida kabisa. Kazi njema."

Basi. Vitambaa hakuna, tarehe hakuna. Nilikaa naangalia ile laini moja najiuliza nimemkosea nini mpaka hanijali. Jibu la kwanza lililonijia kichwani ni nimwandikie tena, nimuombe radhi zaidi.

Niseme nilivyofika hapo. Mwaka mmoja nyuma yake, kazini kwingine, nilimwandikia mtu mzima mmoja imeili fupi ya kuulizia malipo, akajibu na kumuweka bosi wangu kwenye nakala, kwamba binti huyu lugha yake siyo nzuri. Hakusema neno gani. Na hiyo ndio iliniumiza, kwa sababu ukiambiwa neno utaliacha, usipoambiwa unaanza kuogopa maneno yote. Toka hapo kila sentensi nikawa naipakaza samahani juu kama mafuta ya mgando, na usiku nalala nafungua simu nasoma tena zilizotumwa, natafuta mahali nilipoonekana mjeuri.

Aliyenisaidia ni mama mhasibu. Mgogo wa Bahi, mtu mzima, meza yetu moja. Bosi alimuuliza vitambaa vimefikia wapi akanigeukia mimi, nikamfungulia ile imeili na lile jibu. Akasoma kimya, akasema iprinti hii, akachukua kalamu nyekundu ya hesabu zake.

Akazungushia kila samahani. Zilikuwa tano ukihesabu na ya kwenye kichwa. Kila moja akaniuliza swali hilohilo, "hapa umekosa nini?" Ya kwanza, nimekosa nini? Sijakosa, naomba mzigo tuliokwisha kulipia. Ya tatu, alishajibu nikapitiwa? Hapana, nilikuwa nimekagua mpaka kwenye takataka. Zote tano hazikuwa na kosa nyuma yake. Akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakirudia kwa watu, kwamba samahani kwenye Kiswahili inafanya kazi nyingi. Ukisimamisha mtu barabarani unasema samahani, hiyo ni kama hodi, hujakosa chochote. Ukimkanyaga unasema samahani, hapo umekosa. Ukikataa mwaliko, samahani tena. Mdomoni mtu anajua ni ipi kwa sauti na uso wako. Kwenye maandishi sauti haipo, kwahiyo hodi zako tano anazisoma kama makosa matano, na mtu aliyeombwa radhi anafanya nini? Anakusamehe. "Si amekujibu usijali? Amejibu ulichomwandikia."

Hapo kitu kilinifunguka kweli. Yule kaka hakuwa amenidharau, alikuwa amenisamehe. Ombi hakuliona.

Halafu akaanza maneno madogo, na hapa alikaa muda mrefu kuliko kwenye samahani, na nadhani alikuwa sahihi kwa sababu haya yanaonekana hayana madhara. "Nilikuwa nauliza": ulikuwa, kwani sasa hivi huulizi? "Kama inawezekana", "ukipata nafasi", "sio lazima": umempa milango mitatu ya kutokea kabla hujamwambia unataka nini. "Wiki hii au hata ijayo": mtu mwenye oda nyingi atachagua ijayo, hata wewe ungechagua hiyo. Alipofika kwenye "mzigo umeanza kujaa kidogo" akanishika mkono akanipeleka dirishani. Nje kulikuwa na magunia kama mia tatu yamefunikwa turubai. Kidogo? Na "kama haiwezekani pia hamna shida kabisa", shida si ipo mwanangu, shida ni hiyo hapo nje.

Mimi nilikuwa naona naweka adabu, kumbe kuna sehemu nilikuwa namwambia mwenzangu uongo. Mtu wa Dar haoni turubai letu. Anachojua ni nilichomwandikia, na nilimwandikia kwamba hali ni shwari.

Nikakaa kuandika upya, nikafuta kila kitu. Nikaandika: "Tuma vitambaa 24 kabla ya Ijumaa." Nikamuonyesha nikidhani ndio anachotaka. Akakataa. Akaniuliza, ukiingia soko la Majengo kununua nyanya unaanzaje? Nikamwambia nasalimia. Akasema ehe, mimi nikikutana na mwenzangu Mgogo pale naanza mbukwa, namuuliza nyumbani, watoto, mifugo, tunamaliza vizuri, halafu nauliza sado bei gani. Siombi radhi kuuliza bei. Heshima imeshakaa kwenye salamu, ukiiondoa salamu umekuwa mkavu, na ukiirudia katikati ya bei mtu anashangaa una nini. Akarudisha salamu, akarudisha na "naomba". Akasema naomba ni neno zima, lina adabu yake ndani, ni "nilikuwa naomba kama labda" ndio linaiharibu.

Na kuna samahani moja akaiweka yeye mwenyewe! Maana alipoichukua oda ya kwanza kuilinganisha, akakuta sikuandika saizi. Hapo nilikuwa nimekosa kweli, na katika samahani zangu zote tano hakuna iliyogusa hilo. Akasema kosa la kweli unalitaja mara moja, unaweka na marekebisho palepale, unasonga mbele.

Tukatoka na hii, Jumanne tarehe 11:

"Kichwa: Vitambaa 24 vya chujio, naomba vifike Dodoma Ijumaa tarehe 14 Juni

Habari za kazi kaka, poleni na majukumu.

Naomba ututumie vitambaa 24 vya chujio tulivyolipia tarehe 3 Juni, risiti nimeambatanisha. Tunavihitaji viwe Dodoma ifikapo Ijumaa tarehe 14, vilivyopo vimechanika na tuna magunia kama 300 yanasubiri.

Samahani, kwenye oda ya kwanza sikuandika saizi. Ni sentimita 47 kwa 47.

Tafadhali nijulishe leo kabla ya saa kumi jioni kama vitapanda basi la kesho. Kama havipo nijulishe pia, tutafute kwingine.

Asante."

Ukiilinganisha na ya kwanza urefu haujapungua sana, watu wanafikiri kupunguza samahani ni kuandika kifupi, sio hivyo. Nafasi iliyobaki ndio ilibeba idadi, tarehe, saizi na risiti, vitu vyote ambavyo imeili ya kwanza haikuwa navyo hata kimoja. Ombi lilikuwa limejificha sentensi ya tatu likiwa limefungwa kamba, sasa liko kwenye kichwa cha habari, asipofungua bado anajua.

Kuituma ilinichukua karibu nusu saa. Moyo ulikuwa unadunda kabisa, nikaanza kuandika nyingine ya kufuatisha, "samahani kaka kama imeonekana kali". Mama mhasibu akasema isome kwa sauti, kama unamsomea yule kaka amekaa hapa, uniambie wapi pana ukali. Nikasoma. Sikupaona. Nikaifuta ile ya kufuatisha, na mpaka sasa hicho ndio kipimo changu, nikiwa na wasiwasi naisoma kwa sauti natafuta neno lenyewe, nisipolipata basi wasiwasi ni wangu, haupo kwenye maandishi.

Saa nane mchana simu ikaita, ni yeye. Nilipokea nikitegemea kugombezwa. Akasema, "Dada kumbe mna haraka hivyo, mbona hukusema? Mimi nilijua mnauliziauliza tu." Akasema stoo kuna 16 za saizi hiyo, nane zitakuja wiki inayofuata, na alikuwa hajatuma kitu kwa sababu oda haikuwa na saizi na hakutaka kunisumbua kuniuliza. Eti hakutaka kunisumbua. Wote wawili tulikuwa tunaogopa kusumbuana na magunia yako nje.

Jumatano 16 zikapanda basi, Alhamisi fundi akazivalisha kwenye sahani nane kati ya 12, tukaendesha hivyohivyo, polepole kuliko kawaida lakini mafuta yakatoka safi.

Wiki iliyofuata niliandika mwenyewe ya kufuatilia zile nane, nikampelekea mama mhasibu aipitie. Kulikuwa na nadhani mbili. "Nadhani mlisema zitafika Jumatatu", akaipiga mstari, kwa sababu nilikuwa nimeandika kwenye daftari kwamba alisema Jumatatu, ninajua. Ya pili ilikuwa "fundi anadhani na pampu ya chujio imeanza kupungua nguvu". Nikaanza kuifuta mwenyewe. Akanizuia, akaniuliza fundi ameshaifungua? Nikasema bado. "Basi iache. Hiyo hamjui."