Nilivyokokotoa faida halisi ya sabuni zangu baada ya vifungashio, lebo na ada ya meza

Ninatengeneza sabuni za mkono za mafuta ya nazi na mawese zenye harufu ya mchaichai, na ninaziuza Dar es Salaam kwenye soko la Jumamosi kwa shilingi 4,000 kwa kipande. Ukilinganisha bei hiyo na gharama ya mafuta peke yake, biashara inaonekana nzuri kupita kiasi. Nilitaka kujua ni kiasi gani hasa kinachobaki mkononi baada ya kila kitu kulipwa, na hapa naeleza njia niliyoifuata, kwa bei nilizonunulia mimi. Bei zako zitatofautiana, lakini mpangilio wa hesabu utabaki vilevile.

Nilianza na mchanganyiko mmoja kamili, kwa sababu sabuni haipikwi kipande kimoja kimoja. Mchanganyiko wangu una kilo 1.2 za mafuta ya nazi (shilingi 10,800), gramu 800 za mawese (4,000), gramu 316 za kostiki soda (1,580) na mililita 40 za mafuta ya mchaichai (6,000). Nikijumlisha maji na glavu, napata shilingi 23,000. Uji wa sabuni unapoganda kwenye boksi la mbao, ninakata vipande 27 vya gramu 110 kila kimoja, ambavyo baada ya kukaa kwenye rafu wiki 4 hadi 6 hupungua kwa kukauka maji na kufikia takriban gramu 100. Ndiyo maana uzito wa lebo nauandika baada ya kupima vipande vilivyokauka, kwani anayeandika uzito wa siku ya kukata atakuwa anamuuzia mteja maji ambayo yamekwishapotea hewani.

Vipande 27 hata hivyo sivyo vinavyouzwa. Vya pembeni hutoka vimepinda, na kimoja au viwili hukatwa vidogo ili wateja wanuse na kunawa mikono pale mezani. Kwa hiyo nagawanya shilingi 23,000 kwa vipande 25 vinavyoingia sokoni kweli, na kila kipande kinanigharimu shilingi 920. Kwa bei ya 4,000, hapo faida ni asilimia 77 ya bei. Ninasema ya bei kwa makusudi, kwa sababu wengi hugawanya faida kwa gharama badala ya bei ya kuuzia, wakapata asilimia kubwa sana ambayo haiwasaidii kujua ni sehemu gani ya kila noti wanayopokea ni yao.

Vifungashio vilihitaji uangalifu zaidi. Mchapaji wa Kariakoo alinitajia shilingi 300 kwa kiboksi, lakini kima cha chini cha oda kilikuwa viboksi 500, na juu yake kulikuwa na malipo ya mara moja ya kisu cha kukatia umbo, shilingi 50,000, pamoja na usafiri wa 10,000. Jumla ikawa 210,000, yaani shilingi 420 kwa kiboksi. Oda ya pili itakuwa nafuu kwa kuwa kisu kipo tayari, ila sikutaka kupanga bei ya leo kwa unafuu wa kesho. Karatasi moja ya lebo za kubandika ina lebo 12 na inagharimu shilingi 2,400. Kwa kawaida moja huharibika kwa kubandikwa upande au kushikwa na mikono yenye mafuta, hivyo nahesabu lebo 11, takriban shilingi 220 kila moja. Mfuko wa kubebea nao una nafasi yake. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, na mfuko mbadala ninaonunua ni shilingi 300. Mteja wangu wa kawaida huchukua vipande viwili, basi kila kipande kinabeba 150.

Kiboksi, lebo na mfuko kwa pamoja ni shilingi 790, karibu sawa na sabuni yenyewe. Gharama ikapanda hadi 1,710, na faida ikashuka kutoka asilimia 77 hadi 57. Kisha nikaongeza kazi yangu mwenyewe: saa tatu za kupima, kumimina, kukata na kufunga, kwa shilingi 2,500 kwa saa, ni 7,500 kwa mchanganyiko, au 300 kwa kipande. Wapo wanaoiacha kazi yao nje ya hesabu kwa kuwa hawajilipi mshahara. Mimi naona ni lazima iwemo, maana siku ukimwajiri mtu wa kukata na kufunga, fedha hiyo itatoka mfukoni. Gharama ikafika 2,010, na kila kipande kikaacha 1,990.

Ada ya meza niliitenga kabisa. Gharama nilizozitaja hadi hapa hufuatana na kipande: usipokiuza leo, kiboksi chake bado unacho. Meza hufuatana na siku, uuze usiuze. Ada ni shilingi 25,000, bajaji ya kwenda na kurudi 12,000, chakula na maji 3,000, jumla 40,000. Ukiigawanya kwa idadi ya vipande unavyotumaini kuuza, utapata gharama inayobadilika kila Jumamosi. Swali linalofaa ni lingine: ni vipande vingapi vinavyorudisha siku? Nikagawanya 40,000 kwa 1,990, nikapata 20 na kidogo, kwa hiyo kipande cha 21 ndicho cha kwanza kuniletea faida. Nikiuza 40, mapato ni 160,000 na kinachobaki ni 39,600, ambayo ni karibu asilimia 25 ya bei. Nikiuza 60, inafika asilimia 33. Siku ya mvua yenye vipande 15, ninalipia meza kutoka kwenye mtaji.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonionyesha uzito wa punguzo. Wateja hupenda kuomba vitatu kwa shilingi 10,000, na inaonekana ni kuwasamehe 2,000 tu. Lakini vipande vitatu vikiwekwa kwenye mfuko mmoja vinagharimu 5,880, vinaacha 4,120, ambayo ni kama 1,373 kwa kipande. Ikiwa wote watanunua hivyo, siku hairudi hadi kipande cha 30. Sasa punguzo hilo nalitoa saa za mwisho, nikishavuka 21, kwani ada ya meza huwa imekwishalipwa na kila kinachobaki ni ziada.

Halafu nikapima ofa ya duka moja lililotaka kununua kwa jumla kwa shilingi 2,800. Kwa haraka ungedhani ni hasara ukilinganisha na 4,000 ya mezani. Dukani hakuna ada ya meza wala mfuko, hivyo gharama ni 1,860 na kipande kinaacha 940. Mezani, katika siku ya vipande 40, kila kimoja huacha 990. Tofauti ni shilingi 50, na siku nzima ya kusimama juani sikuwa nimeihesabu, kwa maana zile saa tatu ni za utengenezaji tu. Duka lina ugumu wake: hulipa baada ya mwezi, wakati mafuta ya mchanganyiko unaofuata nanunua kwa fedha taslimu, na sabuni yenyewe imekaa rafuni zaidi ya mwezi kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo nimelitengea duka theluthi moja tu ya sabuni zangu, na meza naikodi Jumamosi zinazofuata mishahara, ambapo kuvuka vipande 40 ni jambo la kawaida.