Nilivyoielewa κ · κ = κ, na wale walionizungusha

Hii kitu ilinikera sana. Kila niliyemuuliza hapa Kampala kwa nini kadinali isiyo na mwisho, yaani namba ya saizi ya seti, tuiite κ, ukiizidisha kwa yenyewe inabaki ileile, jibu ni "isiyo na mwisho mara isiyo na mwisho ni isiyo na mwisho, basi". Hilo si jibu jamani! Seti zisizo na mwisho zina saizi tofauti, hata 2^κ, saizi ya mkusanyiko wa seti ndogo zote za seti ya saizi κ, inaizidi κ, sasa nani kakwambia kuzidisha hakupandishi saizi?

Mwingine, tena huyu anafundisha, akaniambia κ · κ ni idadi ya jozi tu, basi panga jozi kama kamusi, namba ya kwanza kwanza halafu ya pili. Haya, jaribu na namba asilia: (0,0), (0,1), (0,2), (0,3)... utaendelea hivyo na (1,0) hutaifikia kamwe, kwa sababu mbele yake kuna foleni isiyoisha.

Dawa yake ni hii, na mimi nimeipenda mpaka leo: usianze na namba ya kwanza, angalia ILE KUBWA kwenye jozi. Jozi yenye kubwa ndogo inatangulia, zikilingana ndio unapanga kikamusi. Nilichora kwenye daftari la miraba, na inakua mraba juu ya mraba: (0,0), kisha (0,1), (1,0), (1,1), kisha zenye 2. Chukua (2,3). Kubwa ni 3, zilizotangulia zenye kubwa chini ya 3 ni 9, halafu (0,3) na (1,3), jumla 11. Yaani kila jozi ina watangulizi wanaohesabika mpaka mwisho, kwa hiyo foleni nzima haipiti ℵ₀, saizi ya namba asilia.

Sasa panda ℵ₁, saizi inayofuata baada ya ℵ₀, hapa ndipo wengi wanakwama kwa sababu wamezoea kuhesabu 1, 2, 3. Jozi ni za ordinali, yaani namba za nafasi kwenye foleni hata isiyoisha, zilizo chini ya ω₁, ordinali ya kwanza yenye watangulizi ℵ₁. Shika jozi yoyote, kubwa yake uiite m. Watangulizi wake wote wamo ndani ya mraba wa m+1 kwa m+1, na m ni ya kuhesabika, kwa hiyo mraba huo, kwa hatua tuliyomaliza, una ℵ₀ tu au pungufu. Kama foleni ingeipita ω₁, lazima ingekuwepo jozi yenye watangulizi ℵ₁, na tumeona haipo. Kwa κ yoyote ni hivyohivyo, unadai tu kwamba kadinali zote zisizo na mwisho zilizo chini yake zimeshapita mtihani. Mwanahisabati Hessenberg aliithibitisha 1906.

Ila angalieni, tumepanga jozi kwa sababu seti yenyewe ilishapangika kwa ordinali, na kupanga seti yoyote kunadai aksiomu ya uchaguzi, ile inayosema unaweza kuchagua kitu kimoja kutoka kila seti isiyo tupu hata seti zikiwa hazina mwisho. Mwanahisabati Tarski alionyesha 1924 kwamba ukidai A × A, seti ya jozi zote za A, ina saizi ya A kwa kila seti isiyo na mwisho, aksiomu hiyo inatoka yenyewe.

Na ukishakuwa na κ · κ = κ, kuzidisha kadinali mbili tofauti, κ · λ, hakukusumbui tena: λ ikiwa ndiyo kubwa na isiyo na mwisho, na κ si sifuri, zao halipungui λ wala halizidi λ · λ, ambayo ni λ.