Neno "kwa" linavyoharibu utabiri wa mvua, na ninavyoutafsiri

Ninapotafsiri utabiri wa vuli kwa wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui, naanza na sentensi yenye asilimia. Asili ya Kiingereza husema kuna uwezekano wa asilimia 45 kwamba mvua za msimu zitakuwa juu ya wastani. Mkono ukiwa na haraka huandika: "Mvua zitakuwa juu ya wastani kwa asilimia 45." Hilo "kwa" limegeuza uwezekano kuwa kipimo. Mkulima ambaye eneo lake hupata milimita 300 kwa msimu ana haki ya kutegemea milimita 435, na hakuna mtaalamu aliyemwahidi hivyo.

Ili nisiteleze, nakumbuka namba ile ilikotoka. Wataalamu huchukua mvua za vuli za miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, wakazipanga kuanzia msimu mkavu kabisa hadi wenye mvua nyingi kabisa, kisha wakazigawa mafungu matatu yanayolingana: haba, wastani, nyingi. Pasipo dalili yoyote ya bahari au upepo, kila fungu lina theluthi moja ya nafasi. Kwa hiyo 45 ni zaidi ya theluthi, lakini haifiki hata nusu. Utabiri kamili hutoa namba tatu, tuseme 45, 35 na 20, na makosa mengi hutokana na kutafsiri ile ya kwanza tu.

Mimi huziandika zote, kwa hesabu ya misimu: "Katika misimu 20 yenye dalili kama za mwaka huu, tegemea 9 ya mvua nyingi, 7 ya wastani na 4 ya mvua haba." Nachagua 20 kwa sababu 45, 35 na 20 zote zinagawanyika kwa 5 bila kubaki nusu msimu. Ile 4 ndiyo mkulima anayoitumia anapoamua kama shamba lote litakuwa la mahindi au sehemu yake aitenge kwa mtama na pojo. Neno "wastani" nalo silitupi peke yake. Wengi hulisikia kama "ya kutosha", ilhali sehemu kavu za Makueni wastani wenyewe mara nyingi hautoshi mahindi. Naongeza: "kama ilivyozoeleka hapa kwenu."

Jumla ya msimu haisemi mvua itakatika lini, na hapo huingia neno la pili la hatari: vipindi. Katika utabiri wa kila siku, "vipindi vya jua" ni saa chache jua linapochomoza kati ya mawingu. Katika ushauri wa msimu, "vipindi vya ukavu" ni siku nyingi mfululizo zisizo na mvua ya maana, kwa kawaida chini ya milimita 1 kwa siku. Msomaji aliyezoea taarifa ya habari ya jioni huelewa saa, akapanda baada ya mvua ya kwanza, mbegu ikaota na kunyauka. Kwa hiyo siku naziandika kwa tarakimu: "Mvua ikishaanza, huenda zikapita siku 10 au zaidi bila kunyesha." Kama asili haikutaja idadi ya siku, namuuliza aliyeandika, sibuni yangu.

La tatu ni manyunyu. Ukitafuta neno la Kiingereza "showers", kamusi nyingi zinakupeleka huko, lakini manyunyu ni matone madogo yanayoanguka taratibu, na mvua inayotajwa kwenye utabiri ni ile inayoshuka ghafla, ikanyesha nusu saa, ikaacha kijiji cha pili kikavu. Inaweza kuwa nyepesi au nzito. Jina lake linaeleza muda na mtawanyiko, si wingi. Ukiandika "manyunyu", mtu atatandaza mbolea juu ya udongo kwenye mteremko, kisha maji yaisombe. Naandika "mvua za ghafla za muda mfupi, hapa na pale", na sitaji "nyepesi" wala "kubwa" mpaka asili itaje.

Kisha najaribu tafsiri kwa watu watano wasiofanya kazi ofisini. Siulizi "Mmeelewa?", maana jibu ni ndiyo kila mara. Nauliza: "Mzee, ukipata ujumbe huu leo, kesho utafanya nini shambani?" Na kwa ile sentensi ya misimu: "Je, mvua ikiwa haba mwaka huu, utabiri utakuwa umedanganya?" Wawili wakijibu ndiyo, naiandika upya. Mara nyingi nagundua nimefupisha ili ujumbe uingie kwenye herufi 160, na nilichokata ni "4 ya mvua haba". Siku hizi nakata salamu kwanza, na sehemu iliyobaki ikizidi natuma ujumbe wa pili.