Kumbukumbu ya boksi, sehemu ya nne: Guile aliyekuwa anagoma upande mmoja

Imekubali. Sonic Boom safi, lile shambulizi la Guile wa Street Fighter 6 ambapo mbele na ngumi vinaingia ndani ya fremu moja, yaani picha moja ya skrini, sasa inatoka nikiwa upande wa kushoto wa skrini karibu sawa na inavyotoka nikiwa upande wa kulia. Sehemu hii niliahidi iwe ya padeli, vile vitufe vya nyuma ya pedi, lakini padeli zimebaki kwenye mfuko wao. Nitazigusa kidogo huko mbele kwa sababu zinahusika.

Kwa wanaotaka kujua lilivyo leo boksi hili la kuchezea, lenye vitufe vitupu badala ya fimbo: mwili ni wa mninga, kazi ya fundi seremala wa Mikindani. Ndani kuna kibao cha Raspberry Pi Pico chenye programu ya GP2040-CE, waya ziko kwenye pini zilezile za kawaida (juu GP2, chini GP3, kulia GP4, kushoto GP5), na swichi zote ni Cherry MX nyekundu nilizong'oa kwenye kibodi iliyokufa. Mpangilio ni wa hitiboksi ya kawaida: kidole cha pete kushoto, cha kati chini, cha shahada kulia, gumba kwenye kitufe kikubwa cha kuruka. Naliendesha kwenye kompyuta, kwa sababu kwenye PS4 boksi lisilo na funguo za uthibitisho linakatwa kila baada ya dakika 8, na hakuna kinachoudhi kama kukatwa katikati ya raundi.

Sasa kisa chenyewe. Guile wa Street Fighter 6 unamchaji kwa kushika nyuma takriban robo tatu ya sekunde, halafu mbele pamoja na ngumi. Ngumi ikiingia fremu ileile ambayo mbele imeingia, unapata Boom safi, inayokuacha na nafasi nzuri zaidi ya kuendelea. Ikichelewa kidogo unapata Boom ya kawaida. Ikiwahi, hupati Boom kabisa: Guile anatoa ngumi kavu akiwa amesimama, na mpinzani anakushukuru.

Mimi nilikuwa napata hizo ngumi kavu, na karibu zote nikiwa upande wa kushoto. Nikihamia upande wa kulia mambo yananyooka. Mchezaji ni yuleyule na boksi ni lilelile.

Kitu cha kwanza nilichoshuku ni ule muda wa kuzuia swichi kudunda. Niliupunguza kwenye ukurasa wa mipangilio (shikilia Start ukiwa unachomeka waya, halafu fungua 192.168.7.1). Tofauti pekee niliyoona ni kwamba swichi moja kuukuu ilianza kujibonyeza mara mbili, maana hewa ya chumvi ya hapa Mtwara haina urafiki na vyuma vidogo. Nikaurudisha. Nikashuku waya wa kushoto, nikaupima kwa mita, mzima. Nikahamisha swichi ya kulia kuwa kushoto na ya kushoto kuwa kulia, tatizo likabaki palepale upande uleule. Hapo ndipo nilipojua kwamba si swichi iliyoharibika.

Jibu lilikuwa kwenye orodha ya vibonyezo ya hali ya mazoezi, ile inayoandika kila kibonyezo na idadi ya fremu kilizodumu. Msiotumia hiyo orodha mnateseka bure. Nikiandika kwa namba, 4 ni nyuma, 5 ni katikati, 6 ni mbele, LP ni ngumi nyepesi, na juu ni kilichotangulia, mashambulizi yangu mabovu yalifanana hivi:

```
4        58
5         3
5 + LP    2
6 + LP    9
```

Na Boom safi ingekuwa hivi:

```
4        58
5         3
6 + LP    8
```

Tazama ile ya kwanza. Ngumi imeingia wakati boksi bado linasema katikati. Mbele inakuja fremu mbili baadaye, ngumi imeshatoka. Lakini kidole changu cha shahada kilikuwa kimeshabonyeza kulia mapema kabisa! Nilikuwa nakisikia. Kwa nini mbele haikuonekana?

Kwa sababu kushoto kulikuwa bado kumebonyezwa. Boksi langu liko kwenye `Neutral`: ukishika kushoto na kulia kwa pamoja, vinafutana, mchezo unaona katikati. Kwa hiyo ukibonyeza kulia bila kuachia kushoto, mbele haizaliwi pale unapobonyeza. Inazaliwa pale kidole cha pete kinapoachia. Mimi nilikuwa nalinganisha ngumi na kidole cha shahada, wakati mwenye amri alikuwa kidole cha pete.

Kuhakikisha, nilibadilisha kwenda `Last Win`, ambapo kibonyezo cha mwisho ndicho kinachohesabika. Boom safi zikaanza kumwagika, hata nikiwa navivuta vidole kwa uvivu. Kushoto kumeshikwa, kulia na ngumi vinashuka pamoja, basi. Hakuna hata fremu ya katikati, nyuma inageuka mbele papo hapo.

Binamu yangu alikuwa pembeni akaniuliza, "Sasa kaka, si uiache hapohapo?"

Siachi. Kanuni za Capcom Pro Tour, mashindano ya watengenezaji wa mchezo wenyewe, tangu Street Fighter 6 ilipoingia mwaka 2023, zinataka kushoto na kulia vifutane, na juu na chini vilevile. Kabla ya hapo hitiboksi nyingi zilikuwa zinahesabu juu na chini kuwa juu, na watu walilazimika kubadilisha programu za ndani za maboksi yao. Hata mwaka 2019 Daigo Umehara alipotokea na boksi la Gafrobox lenye vitufe vya ziada vya mwelekeo, Capcom walilikataa kwenye mashindano yao. Sisi wa huku hatuchezi Pro Tour, lakini tukikutana Shangani tunafuata kanuni hizohizo, na nikizoesha vidole kwenye `Last Win` nitakuwa nimejifunza mchezo mwingine.

Basi tukabaki na kidole cha pete. Ukitaka kujua ubovu wake, weka kiganja mezani, vidole vyote vimegusa, ujaribu kunyanyua cha pete peke yake. Kinakokota na jirani zake. Cha shahada kinaruka juu bila shida. Ndiyo maana upande wa kulia ulikuwa unanitii: huko nyuma ni kulia, na anayeachia ni kidole cha shahada.

Juu ya hapo kuna swichi yenyewe. MX nyekundu inashuka milimita 4 hadi chini, na inawaka ikifika 2. Mimi nikichaji nakandamiza hadi chini kabisa, kwa hiyo kidole kinapaswa kupanda takriban milimita 2 kabla boksi halijajua kwamba nimeachia. Tuseme kidole kinapanda kwa kasi ya milimita 100 kwa sekunde. Hizo milimita 2 zinakula milisekunde 20, na fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ngumi nayo inasafiri milimita 2, lakini kidole kinachopiga kina kasi kubwa kuliko kidole cha pete kinachojivuta kwenda juu. Fremu zangu mbili zilipotelea hapo.

Suluhisho limenigharimu kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nilikata vipete viwili vyembamba, nikavivisha kwenye shina la kifuniko cha kitufe cha kushoto, chini kabisa. Sasa kitufe kinagota mapema, kidogo tu baada ya swichi kuwaka, hivyo safari ya kurudi imekuwa fupi. Jaribu unene polepole. Kipete cha tatu kilifanya kitufe kigote kabla ya kuwaka sawasawa, na chaji ikawa inakatika yenyewe katikati. Kwenye orodha utaona 4 inaanza kuhesabu upya bila wewe kuachia. Ukiona hivyo, punguza.

Pia nimebadilisha namna ya kubonyeza, na hapa nadhani ndipo penye faida kubwa kuliko mpira. Siachii tena kushoto kwa kungoja kulia. Naachia kwanza, kabla ya kitu kingine, halafu kulia na ngumi vinashuka pamoja kama vibonyezo viwili vya kawaida. Chaji haifi papo hapo ukirudi katikati, kuna fremu chache za huruma, na hizo zinatosha. Kwa njia hii kidole cha pete hakihitaji kuwa sahihi, kinahitaji kuwahi tu. Kulinganisha vibonyezo viwili vya kushuka ni rahisi kuliko kulinganisha kimoja kinachoshuka na kimoja kinachopanda.

Wa stiki msicheke. Niliazima stiki ya jamaa wa Chuno, yenye fimbo ya Sanwa JLF na geti la mraba, ule ukingo unaoizuia fimbo, nikakuta ugonjwa wa kinyume. Kule nyuma na mbele haviwezi kushikwa pamoja, fimbo lazima ipite katikati, kwa hiyo swali la kufutana halipo. Lakini swichi ya mbele inawaka kabla fimbo haijagonga geti. Ukipiga ngumi kwa kusikia ule mgongano na geti, umeshachelewa, na orodha itakuonyesha 6 peke yake fremu moja au mbili kabla ya ngumi. Sikiliza mlio wa swichi. Kusema kweli mkono wangu ulifurahia stiki kuliko boksi, ila kwa Guile sirudi.

Na padeli? Kwenye pedi za kiwandani, ziwe mbili za DualSense Edge au nne za Xbox Elite Series 2, padeli hurudia kitufe ambacho tayari kipo. Mchezo hauoni kitufe kipya, unaona kilekile kikibonyezwa na kidole kingine. Ukiipa kazi ya ngumi, umepata kidole cha ziada na basi. Ukiipa kulia, umegeuza pedi kuwa nusu hitiboksi: gumba limeshika kushoto, padeli inaleta kulia, na swali la nani anafuta nani linarudi. Nilitaka kutengeneza mbili chini ya boksi langu, lakini vidole vyangu vya chini vinashikilia boksi mapajani, sina cha kuvipa.

Kwa hiyo padeli zitakaa. Kinachonisumbua sasa ni Somersault Kick. Chini kunaachiwa na kidole cha kati, juu kunabonyezwa na gumba, na gumba langu linawahi kuliko kidole. Mpira umebaki wa kutosha. Nimeshakata kipete cha kwanza cha kitufe cha chini, nangoja umeme urudi.