Shangazi ndiyo mimi!

Mtazameni binti wa kaka yangu! Amezaliwa jana usiku, mama yake mzima, naye mzima, alhamdulillahi. Kidole alichokikamata hapo kwenye picha ni changu, na sikumlazimisha. Nilikigusisha tu kwenye kiganja chake, vidole vyote vitano vikafunga. Nilipojaribu kukitoa taratibu, akakaza zaidi! Mkunga akaniambia kila kichanga mwenye afya hufanya hivyo bila kukusudia, na kwamba mshiko huo hufifia akifikisha miezi mitano au sita, anapoanza kushika vitu kwa kutaka mwenyewe. Sawa, nimeelewa. Lakini kidole alichokamata ni cha shangazi yake.

Wanaouliza mbona mikono ina ubluu kidogo: damu bado haijazoea kufika vizuri kwenye ncha za mwili, na kwa siku ya kwanza au ya pili ni kawaida. Tunachoangalia ni midomo na ulimi, na vyake ni vya waridi kabisa. Vingekuwa na ubluu, tungemwita daktari papo hapo.

Macho yake huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, basi nikamsogelea hadi hapo, nikamwita jina lake. Akatulia, akanikazia macho. Wifi yangu, umetuletea malkia. Ahsante sana, pumzika. Nepi za leo zote ni zangu!