Gawio nono la kampuni iliyochoka

Nina duka dogo la vitenge Kariakoo, na nilianza kununua hisa ili gawio linisaidie kwenye ada za watoto. Siku moja, kwenye bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam, nikaona kampuni ambayo hisa yake ilikuwa shilingi 400, na mwaka uliotangulia ilitoa gawio la shilingi 80 kwa hisa. Asilimia 20! Nikachukua hisa 2,500 kwa milioni moja. Nilitarajia laki mbili, nikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 nibaki na 190,000.

Sikujiuliza kwa nini hisa ni rahisi hivyo. Mwaka mmoja nyuma iliuzwa shilingi 1,000, na gawio hilohilo la 80 lilikuwa asilimia 8 tu. Gawio halikuongezeka hata senti. Bei ndiyo iliyoporomoka, na mimi nikagawanya gawio la jana kwa bei ya leo.

Mkutano mkuu wa wanahisa ukapitisha gawio la shilingi 10. Baada ya kodi nikaingiziwa 23,750.

Nikapanda daladala hadi Posta kwa dalali wangu wa hisa. Kijana wa pale akafungua ripoti ya mwaka ya wakati ule nanunua. "Mama, tazama hapa. Faida kwa kila hisa ilikuwa 50, wao wakagawa 80. Hiyo 30 ilitoka wapi?" Akashuka hadi taarifa ya mtiririko wa fedha: pesa iliyotokana na uendeshaji imepungua miaka miwili mfululizo, mkopo wa benki umepanda. Waliokuwa wakiuza walishayasoma hayo, nami nikawapokea mzigo.

Siku hizi naanzia kwenye mtiririko wa fedha kabla ya faida, maana faida ya kwenye vitabu naijua vizuri: hata mimi kitenge nilichokopesha nakiandika mauzo, na pesa sijaiona. Natoa gharama za mashine na majengo, kisha naangalia kama kinachobaki kinalifunika gawio. Gawio likizidi faida, nauliza sababu. Mara nyingine kampuni imeuza kiwanja ikagawa pesa yake mara moja. Si ugonjwa, ila mwakani usilitegemee. Nalinganisha pia na hatifungani za serikali. Hisa ikizipita mbali kwa asilimia, najua soko linahofia gawio kukatwa.

Hisa yangu nyingine inatoa asilimia 7. Faida ni 120 kwa hisa, gawio 60, na ada ya muhula mmoja inapata pa kushika.

Zile 2,500 niliziweka sokoni kwa 300. Wiki sita zimepita, zimenunuliwa 900 tu. Jana kijana kanipigia: "Mama, tushushe hadi 260?"